Jibu: Diski Z: imepotea baada ya kuzima Windows Script Host

"Nimezima Windows Script Host kwa GPO, leo asubuhi diski Z: haionekani kwa mtu yeyote. Nirudishe?"

Salamu kutoka Tanga, ndugu. Usirudishe. Angalia kwanza skripti ya kuingilia: ikiwa ni .vbs, ambayo huendeshwa na Windows Script Host, huenda ndiyo iliyokuwa ikiunganisha Z:. Ilinikuta hivyo ofisini. Nilihamishia Z: kwenye Drive Maps, chini ya User Configuration > Preferences > Windows Settings, nikaifuta ile .vbs, kisha kwenye mashine moja ya majaribio:

```
gpupdate /force
```

Nikatoka, nikaingia tena, Z: ikarudi.

Ila ujue kuzima Windows Script Host hakugusi PowerShell wala .bat. Na kama unapanga kuzima pia SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha faili, usiizime bado! Washa ukaguzi kwenye seva ya faili:

```
Set-SmbServerConfiguration -AuditSmb1Access $true
```

Tukio 3000 kwenye SMBServer/Audit litakuonyesha anwani ya kila kifaa kinachoitumia. Kwangu ilikuwa skana kuukuu ya masjala.