Riba ya 3% dukani na 3% ya SACCOS si kitu kimoja

"Wakuu, nataka friji la 1,200,000. Duka Kariakoo wananipa miezi 12 kwa riba ya 3% kwa mwezi. SACCOS ya kazini nao ni 3% kwa mwezi, riba inayopungua, ila mlolongo wao mrefu. Si bora nimalizane na duka tu?"

Mkuu, niliwahi kukaa dawati la mikopo kwenye duka la vyombo vya umeme hukohuko Kariakoo, kwa hiyo hesabu hii nimeipiga sana.

Duka linachukua 3% ya 1,200,000, yaani 36,000, linazidisha mara 12. Riba inakuwa 432,000 na rejesho 136,000 kila mwezi. Sasa angalia mwezi wa mwisho. Deni la friji lenyewe limebaki 100,000, lakini bado unatozwa 36,000, kana kwamba hujawahi kurudisha hata shilingi.

SACCOS wanatoza kile ambacho bado unadaiwa. Tuseme unapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi: riba ya kwanza ni 36,000, inayofuata 33,000, kisha 30,000, hadi mwezi wa mwisho 3,000. Jumla 234,000. Hiyo 198,000 inayozidi dukani ni riba ya pesa uliyokwisha kuirudisha.

Balaa zaidi liko kwa anayetaka kumaliza mapema. Mama mmoja wa Buguruni alilipa miezi sita, akapokea mchezo, akaja na furaha zake afute deni. Kwa akili yake alibakiza nusu ya bei, 600,000. Bosi akamwambia 816,000, kwa sababu mkataba ulishajumlisha riba yote tangu siku ya kwanza. Alitakiwa kulipia miezi sita ambayo asingekaa na deni. Kwa hiyo kabla ya kusaini tafuta kifungu cha kulipa kabla ya muda. Kama hakisemi riba iliyobaki inafutwa, jua haifutwi. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haina kazi, mimi mwenyewe nilikuwa natumwa niitoe.

Kujua riba halisi, fungua Excel kwenye simu, andika miezi, rejesho, kisha bei:

```
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Itakupa karibu 5.1% kwa mwezi (ikionyesha 5% tu, ongeza desimali). Hiyo ndiyo ya kulinganisha na 3% ya SACCOS.

Ila kwenye bei weka ile ambayo ungeuziwa kwa taslimu baada ya kupatana, maana wengine wanapandisha bei ya mkopo kwanza halafu ndipo wanaweka riba juu yake. Ukitoa kianzio au ada ya fomu, vipunguze humo pia. Ukikuta rejesho limepigwa kwa bei nzima wakati kianzio umeshatoa, riba halisi itapanda kupita hiyo 5.1%.