Kipindi kimeharibika, shajara inataka nini?

*Swali la wiki: "Kipindi changu cha hisabati kwenye mazoezi ya kufundisha kiliharibika. Chuo kinataka niandike shajara kwa kufuata mzunguko wa tafakuri wa Gibbs, lakini kila nikiandika najikuta nasimulia tu yaliyotokea. Nifanyeje?"*

Kusanya madaftari kwanza. Ukiandika kwa kumbukumbu tupu, jioni utakuwa na sentensi moja tu, "wanafunzi hawakuelewa", na sentensi hiyo haichambuliki. Mara baada ya kengele, andika pembeni mwa andalio la somo dakika ambayo mambo yalianza kwenda kombo, swali ulilouliza wakati huo, na jibu ulilopewa neno kwa neno. Kisha pitia madaftari na uhesabu makosa kwa aina zake. Kujua kwamba wamekosa wangapi hakutoshi; ujue pia wamekosa vipi.

Mzunguko wa Graham Gibbs wa 1988 una hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Hakuna sheria inayosema zilingane kwa urefu, na wengi hukwama hapo. Wanajaza ukurasa mzima kwa maelezo ya tukio, halafu uchambuzi unapata mistari mitatu. Kwa shajara ya maneno kama 400, maelezo yasizidi 80, na uchambuzi upewe si chini ya 150.

Tuchukue mfano wa kubuni. Somo ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kipindi cha dakika 40, wanafunzi 45. Maelezo ya tukio yanaweza kuishia hapa: "Nilianza kwa marudio ya sehemu zenye asili sawa, yakachukua dakika 18 badala ya 8. Nikaonyesha mfano mmoja ubaoni, 1/2 + 1/4, nikauliza kama wameelewa, darasa likajibu 'Ndiyo'. Nikatoa zoezi la 1/2 + 1/3. Wanafunzi 29 waliandika 2/5." Basi. Hali ya hewa, kelele za darasa la jirani na chaki iliyovunjika haviingii, isipokuwa vilibadili jambo katika ufundishaji wako.

Hatua ya hisia huandikwa kama maungamo, na mkufunzi anayesahihisha hapati kitu. Hisia ina kazi pale tu inapoeleza uamuzi. "Niliona aibu" ni nusu ya sentensi. Iliyokamilika ni hii: "Niliona muda umeisha, nikapata wasiwasi, nikaruka mfano wa pili na kwenda moja kwa moja kwenye zoezi." Sasa tunajua wasiwasi uligharimu nini.

Tathmini inauliza kipi kilifanikiwa na kipi hakikufanikiwa, bila kueleza sababu. Usiandike kwamba kila kitu kiliharibika, maana si kweli, tena utajinyima ushahidi. Katika mfano wetu, wanafunzi 41 kati ya 45 walipata maswali ya asili sawa, kama 1/5 + 2/5. Inaonekana kama taarifa ya kujifariji, lakini uchambuzi wote utaning'inia juu yake.

Uchambuzi wa kawaida ungesema: "Wanafunzi hawana msingi wa kutafuta kigawe kidogo cha shirika." Huenda ni kweli, lakini pima kwa madaftari. Fungua kazi ya wiki iliyopita. Ikiwa walewale walioandika 2/5 walipata maswali ya KDS, maelezo hayo yanaanguka. Tena ukitazama zoezi lenyewe, hakuna hata mmoja kati yao aliyejaribu kutafuta KDS akakosea. Hawakuona kama inahitajika.

Basi 2/5 imetoka wapi? Wamejumlisha 1 na 1 juu, 2 na 3 chini. Wanaona sehemu kama namba nzima mbili zilizopangwa juu na chini. Lakini kama ndivyo, mbona kwenye 1/5 + 2/5 hawakuandika 3/10? Kwa sababu kwenye marudio waliambiwa "asili zikifanana, iandike mara moja". Wakaishika kanuni bila kujua kwamba asili inataja ukubwa wa kipande. Asili zilipotofautiana, kanuni ile haikuwa na la kusema, wakarudia wanachokijua, yaani kujumlisha kila kinachoonekana. Kwa hiyo kosa lilipandwa ndani ya yale marudio yaliyoonekana kufanikiwa, muda mrefu kabla ya zoezi. Unapofika mahali kama hapa, ambapo sababu iko ndani ya uamuzi wa mwalimu na ushahidi unaiunga mkono, uchambuzi umefika.

Sababu ya pili ni fupi. "Mmeelewa?" si kipimo. Jibu la pamoja la "Ndiyo" hukwambia darasa linajua desturi ya kujibu, basi.

Hitimisho lisirudie uchambuzi. Liseme ungeweza kufanya nini kingine palepale. Kwa mfano, kabla ya kukokotoa, kuuliza kama jibu la 1/2 + 1/3 litakuwa kubwa au dogo kuliko 1/2. Aliyepata 2/5 angegundua kwamba amejumlisha na kubaki na pungufu ya alichoanza nacho.

Mpango wa utekelezaji ndio unaoharibiwa zaidi na maneno matupu. "Nitajiandaa vizuri zaidi" hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Andika kitakachofanyika, lini, na utakijuaje: "Kipindi kijacho kila jozi itapata vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja watakikunja katika sehemu mbili sawa, kingine katika sehemu tatu sawa, kisha vyote wavigawe katika sita, waone 3/6 na 2/6 zinatoa 5/6. Marudio yasizidi dakika 8. Dakika ya 30 kila mmoja atafanya peke yake 1/4 + 1/3. Wakizidi 10 walioandika 2/7, sitaanza mada mpya." Namba hiyo ya 10 ni uamuzi wako, lakini iandike kabla ya kipindi, kwa kuwa baada ya kipindi kila mtu huvutia upande wake.

Mzunguko huu una udhaifu wake: hakuna hatua inayokulazimisha kusikia mtu mwingine, hivyo unaweza kuukamilisha wote ukiwa na maelezo yako tu. Kabla ya kuandika uchambuzi, waombe wanafunzi wawili walioandika 2/5 wakueleze walivyofika hapo, na usiwasahihishe wakiwa katikati ya maelezo. Linganisha pia na alichoandika mwalimu mlezi. Akitofautiana nawe, weka maelezo yote mawili na useme ushahidi gani ungeyatenganisha. Majina ya wanafunzi yasionekane. "Mwanafunzi A" anatosha, kwani shajara hii itasomwa na watu wengine.

Shajara ya kipindi kinachofuata ianze na hesabu ya 2/7.