Betri za maiki zisizo na waya: za kuchaji au alkalaini?

"Wakuu, nina maiki nne zisizo na waya, kila moja inakula betri mbili za AA. Nikipata harusi ndefu naunguza pesa nyingi kwenye alkalaini. Nikihamia za kuchaji zitanifikisha? Na nibebe ngapi za akiba?"

Mkuu, zitakufikisha, ila usiiamini alama ya betri kwenye maiki. Mimi iliniangusha baba wa bibi harusi akiwa katikati ya nasaha: alama ilionyesha mistari miwili, dakika chache baadaye kimya.

Sababu ni hii. Alkalaini huanza na volti 1.5 hivi na kushuka polepole, kwa hiyo maiki huona inavyoisha. Ya kuchaji (NiMH) hukaa kwenye volti 1.2 karibu muda wote, kisha hudondoka ghafla mwishoni. Maiki iliyopimwa kwa alkalaini itakudanganya nayo. Kama menyu yako ina sehemu ya kuchagua aina ya betri, weka NiMH, lakini bado fuata saa.

Saa yenyewe utaipata kwa kupima nyumbani. Chaji betri zijae, washa maiki na risiva, weka redio mbele ya maiki, andika muda zitakapozima. Zangu za mAh 2000 zilikwenda saa sita na dakika arobaini. Kazini nazihesabia saa nne na nusu tu, maana betri huchoka na umri.

Chukua harusi ya kawaida ukumbini. Nawasha kujaribu sauti saa 11 jioni, tunafunga saa 6 usiku: saa saba. Seti moja haifiki. Nabadilisha zote wakati wa chakula, saa 2:30, hata kama zinaonekana nzima. Kila seti inafanya kazi saa tatu na nusu. Hizo ni betri 16. Naongeza jozi mbili zilizojaa, kwa sababu maiki ya MC haizimwi kabisa, na pakiti ya alkalaini nane ambayo haijafunguliwa. Hiyo ni ya siku ambayo umeme ulikatika mchana kutwa na chaja haikufanya kazi. Nunua alkalaini dukani unakopaamini, zile za bei ya karanga mara nyingi si alkalaini hata kidogo.

Jozi zangu nimeziandika namba kwa maka peni, 1 na 1, 2 na 2. Hazitenganishwi. Ukichanganya iliyochoka na nzima, iliyochoka huisha kwanza na mwenzake huisukuma hadi iharibike. Kwa sababu hiyo hiyo, tafuta chaja inayochaji kila betri peke yake. Zile zinazochaji mbili mbili huacha moja haijajaa. Jozi ikishindwa kufika saa tano kwenye kipimo cha nyumbani, inahamia kwenye rimoti ya tivii.

Ukumbini, zilizojaa zinakaa mfuko wa kulia, zilizotoka kwenye maiki wa kushoto. Gizani, MC akiwa anakupigia mkono, hakuna muda wa kusoma namba.