Ukerewe kwa utulivu, baada ya msiba au talaka

Subiri kwanza arobaini ipite, na kama wewe ni mjane wa Kiislamu, umalize eda ya miezi minne na siku kumi. Ukiondoka kabla ya hapo, ndugu watakupigia simu kutwa kuuliza umekimbilia wapi, na ukimya uliouendea hutaupata.

Kwa anayeishi Mwanza, kisiwa cha Ukerewe kinatosha. Kisiwa cha Saanane kipo karibu mno na mji, kinafaa kwa saa chache tu. Rubondo ni kimya kweli, ila gharama yake si ya kila mtu. Meli ya kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, huchukua kama saa tatu, na saa hizo zenyewe ni sehemu ya safari: hakuna anayekudai lolote. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia bandarini siku moja kabla. Nenda Jumanne, rudi Ijumaa asubuhi. Wikendi muziki wa baa husikika mbali.

Chumba ndicho kinachoharibu safari nyingi. Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo matatu: je, kuna baa au ukumbi jirani, jenereta ipo upande gani, na kuna chumba cha nyuma? Usikae karibu na mwalo hata kama mandhari yanavutia. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na alfajiri mwalo mzima huamka kwa kelele za kupakua na kuanika. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa vizuri, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na hapo kelele huhamia kwenye vilabu.

Panga mambo mawili tu kwa siku. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tembea njia za vijijini. Mchana kula kwa mama ntilie, ili angalau mara moja kwa siku uongee na mtu. Mengine yaache wazi. Ziwa litazame, usiogelee wala kukanyaga maji ya ufukweni, maana kichocho kipo, na sehemu nyingine kuna mamba.

Utaulizwa, "Dada, mwenzio yuko wapi?" Jibu fupi, "Nimekuja kupumzika," kisha uliza bei ya samaki. Ukieleza msiba kwa mmoja, utapewa pole na kijiji kizima.

Saa ngumu ni magharibi, kwa sababu nyumbani ndiyo saa ya watu kurudi. Usiiache tupu kabisa: oga, kunywa chai, kisha mtumie ndugu mmoja ujumbe, "Nipo salama." Simu izime baada ya hapo. Mkubaliane kabisa kwamba ujumbe usipofika hadi saa mbili usiku, apige mapokezi ya gesti.

Kulia sana usiku wa kwanza ni kawaida. Lakini ukikesha usiku wa pili pia, chakula kikikukataa, au mawazo ya kujidhuru yakikujia, mpigie huyo ndugu usiku huohuo, mwombe mtu wa mapokezi akae nawe, na mwende hospitali ya Nansio bila kungoja meli.