Jina Lililotokea Kwenye Programu Huenda Si la Aliyekupigia

Mama mdogo alinitumia namba saa tano usiku. Kuna mwanamume alikuwa amempigia mara tatu, akijitambulisha kama daktari wa zamu, akisema mwanawe amepata ajali na pesa ya matibabu inatakiwa kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala chumba cha pili, kwa hiyo utapeli ulijulikana hapo hapo. Alichotaka mama mdogo kwangu ni kimoja tu: "Nitafutie huyu mtu ni nani."

Nikaingiza namba kwenye programu ya kutambua wapigaji. Likatokea jina: "Fundi Frji Mrefu". Nikashtuka, maana namjua fundi wa friji, na ni mrefu kweli. Aliwahi kunitengenezea friji miaka kadhaa nyuma. Asubuhi nikamfuata anapofanyia kazi, nikamkabili mbele ya wateja wake. Sikuuliza chochote, nilitangulia kumtuhumu.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, hiyo laini iliibiwa pamoja na simu, imetimia miaka miwili sasa. Sikuirudisha. Namba yangu ni hii." Akanionyesha. Wateja wawili waliokuwepo wakathibitisha kwamba kwao wanampata kwa namba hiyo mpya, na kwamba ile ya zamani ilishakuwa haipatikani.

Nimeyarudia maneno yale matatu kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. "Frji", bila i ya kwanza. Hivyo ndivyo nilivyomsevu mimi kwenye simu yangu ya zamani, kwa haraka, na sikuwahi kusahihisha. Kwenye simu ile nilikuwa na programu hiyo hiyo, na nilipoiweka niliiruhusu isome majina yote niliyohifadhi. Sina njia ya kuthibitisha kwamba lebo ile ilitoka kwangu, lakini sijui ni nani mwingine angekosea herufi ile ile na kukumbuka urefu ule ule. Nilikwenda kuuliza dunia huyu ni nani, na dunia ikanirudishia maneno yangu mwenyewe.

Tuanzie hapo, kwa sababu watu wengi wanadhani programu hizi zinasoma daftari la usajili wa laini. Hazisomi. Kumbukumbu ya nani alisajili laini iko kwa kampuni ya simu. Truecaller, Getcontact na nyingine za aina hiyo hukusanya majina kwa njia zao: mtu anajiandikisha na kujaza jina analotaka, watumiaji wanapendekeza jina au kuripoti namba, biashara zinajisajili, na kuna zinazochukua majina kutoka kwenye orodha za simu za watu walioruhusu. Getcontact imejengwa hasa juu ya wazo hilo, kwani inakuonyesha lebo ambazo watu mbalimbali wamempa mwenye namba kwenye simu zao.

Kwa hiyo unapoona jina, kinachothibitika ni hiki: wakati fulani, mtu fulani aliihusisha namba hii na jina hili. Hujui ni mtu gani. Hujui pia ni lini, na hilo ndilo lililoniponza. Matokeo ya utafutaji hayana tarehe. Jina lililoandikwa wiki iliyopita na lile la miaka sita iliyopita yanakaa kwenye skrini kwa maandishi yaleyale. Wakati huohuo laini isiyotumika hufungwa, hukaa kando kwa muda, kisha kampuni ya simu humpa mteja mwingine. Jina la zamani linabaki kwenye kumbukumbu ya programu hadi watu wa kutosha waseme vingine.

Sasa nikitafuta namba nafuata utaratibu tofauti. Kwanza nainakili kutoka kwenye orodha ya simu zilizoingia, ikiwa na alama ya + na msimbo wa nchi, badala ya kuichapa upya. Tarakimu moja ikikosewa unampata mtu mwingine kabisa, na jina litakalotokea litaonekana la kuaminika vilevile. Kisha najiuliza jina hili limetoka wapi. Kama kuna picha, maelezo ya kazi na anwani ya barua pepe, yaelekea mwenye akaunti amejaza mwenyewe, na anayejaza mwenyewe anaweza kujiita "Huduma kwa Wateja" au "Dokta" bila kuulizwa cheti. Kama jina linafanana na jinsi watu wanavyosevu wenzao, mfano "Fundi Bomba", "Baba Pacha", "Dada wa Nywele", basi limetoka kwa watu waliowahi kushughulika naye. Aina hii ya pili naiamini zaidi kuhusu kazi ya mtu, hasa lebo zikiwa nyingi na zinatofautiana maneno lakini zinakubaliana jambo. Namba yenye lebo "Fundi Friji", "Mzee wa AC" na "Baridi" karibu hakika ilikuwa ya fundi wa vipoza hewa. Nasema *ilikuwa*. Lebo moja pekee ya matusi, kama "Mwizi" au "Tapeli wa Mapenzi", naiacha ipite; mchumba aliyeachwa vibaya anaweza kuiandika kwa sekunde tano.

Programu mbili zikitoa jina moja, usihesabu kuwa umepata mashahidi wawili. Huenda mtu yuleyule, mwenye simu ileile, alizipa zote mbili orodha yake.

Rangi na alama nazo zinasomwa kwa uangalifu. Kwenye Truecaller, kijani chenye alama ya vema ni cha biashara iliyothibitishwa, na hiyo ina uzito kuliko jina tupu. Dhahabu maana yake ni kwamba mtu amelipia kifurushi cha juu, basi. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wake. Nyekundu inamaanisha namba imeripotiwa kuwa ya usumbufu. Anayepiga simu mchana kutwa kuuza bima ataripotiwa na mamia ya watu ingawa hajaiba hata senti, ilhali tapeli aliyefungua laini jana hana ripoti hata moja. Namba iliyompigia mama mdogo ilikuwa safi kabisa, haikuwa na ripoti yoyote. Usafi ule ulinifanya nizidi kuamini kwamba jina ni la kweli, wakati ulimaanisha tu kwamba hakuna aliyekuwa ameilalamikia bado.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi, na naomba ulisome polepole. Programu haimtambui mtu anayepiga. Inapokea namba ambayo mtandao wa simu umeileta, inaitafuta kwenye kumbukumbu, inaonyesha jina linaloendana nayo. Na namba inayoletwa inaweza kughushiwa. Tapeli anayetumia njia za kupiga simu kupitia intaneti anaweza kuufanya mtandao uonyeshe namba halisi ya benki yako. Programu itafanya kazi yake bila kosa lolote: itaonyesha jina la benki, nembo ya benki, hata ile alama ya kijani, na anayezungumza atakuwa mwizi. Ndiyo maana simu yoyote ya "benki" inayotaka namba ya siri au msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi naikata, kisha napiga mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Sibonyezi kupiga tena kutoka kwenye ujumbe walionitumia.

Kughushi kunaweza kupimwa kwa kiasi. Ukipiga namba ile mwenyewe, simu yako inakwenda kwa mwenye laini halisi, haiendi kwa aliyeiazima sura yake. Mama mdogo alikuwa amepiga kabla hajaniandikia, na sauti ileile ya "daktari" ikapokea. Hapo tulikuwa na ushahidi mzuri kuliko jina lolote: laini ile ilikuwa mikononi mwa yule yule aliyepiga, au angalau ilikuwa imeelekezwa kwake. Kama angepokea mtu mwingine anayeshangaa, na kusema hajapiga simu kwa yeyote, ingekuwa dalili kwamba namba yake imetumiwa bila yeye kujua, na kumtukana kungekuwa kumwonea mara ya pili. Kipimo hiki kina mipaka. Usikifanye kwa namba ya nchi usiyohusiana nayo iliyolia mara moja ikakatika. Kuna utapeli wa siku nyingi wa kukuvuta upige tena ili utozwe gharama kubwa, unaojulikana kwa jina la Kijapani *wangiri*, yaani kulia mara moja na kukata.

Jina la WhatsApp linasaidia kidogo. Lile linalotanguliwa na alama ya ~ mtu amejichagulia mwenyewe. Penye huduma za kutuma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala huwa limetokana na usajili, kwa hiyo liko karibu zaidi na karatasi. Lakini kusajiliwa na kushika simu ni mambo mawili. Watu husajiliana laini ndani ya familia, na matapeli hununua laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya wengine.

Kama wewe mwenyewe umeona jina la ajabu kwenye namba yako, unaweza kuomba iondolewe. Truecaller wana ukurasa wa kazi hiyo, truecaller.com/unlisting, na kama una akaunti kwao unatakiwa kuifunga kwanza. Kutafuta pia si lazima uweke programu na kuwapa majina ya ndugu zako wote. Tovuti yao inaruhusu kutafuta ukiingia kwa akaunti ya barua pepe. Ruhusa ya kusoma orodha ya majina, mimi siku hizi naikataa.

Fundi alinisamehe, ingawa mteja mmoja aliondoka siku ile bila kuacha kazi yake, na hilo siwezi kulirudisha. Tulikaa pamoja tukapendekeza marekebisho ya lebo ile kwenye programu. Kisha nikarudi kwa mama mdogo tukaandaa taarifa ya kupeleka polisi na kwa kampuni ya simu, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kujua laini imesajiliwa kwa nani na simu zilitokea wapi. Tuliweka skrinishoti ya simu zilizoingia zikiwa na saa na tarehe, ujumbe wenye namba ya kupokelea pesa, na maneno aliyoyasema jinsi mama mdogo alivyoyakumbuka. Tukaandika pia kwamba mama mdogo alipoipigia namba ile, sauti ileile ilipokea. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya jina la mtuhumiwa. Mama mdogo aliniangalia, nikaandika: *halijulikani*.