Dengu: kuroweka usiku au kuzibandika kavu?

Anayekwambia dengu kavu haziivi bila kurowekwa anakudanganya. Zinaiva. Ukizibandika kavu kwenye jiko la mkaa saa moja na nusu itapita, pengine mbili na zaidi, lakini mwisho zitaiva. Swali ni zinaivaje, na tumbo litasemaje baadaye.

Chukua dengu nzima nusu kilo, zile nyeupe kubwa za kupika na nazi. Dengu kavu ikiingia kwenye maji ya moto, joto linafika nje kabla maji hayajafika ndani. Ganda linapasuka, nyama ya juu inaanza kurojeka, na kiini bado kina unga mkavu. Ndiyo maana unakuta sufuria moja ina dengu zilizovurugika na nyingine zinazogonga meno. Dengu iliyolala majini imekwisha kunywa maji mpaka katikati, na uzito wake umekuwa kama mara mbili. Hiyo inahitaji saa moja hivi tu, na zote zinalainika pamoja bila kupasuka.

Sisi huku tuna jambo letu jengine, nalo ni maji. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Kama birika lako linafanya ukoko mweupe ndani, ujue hayo maji yanakaza dengu. Chokaa inashikamana na ganda na kulifanya lisilainike, hata uchochee moto vipi. Dawa yake ni chumvi, tena wakati wa kuroweka: vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji, na nusu kilo inataka lita mbili. Najua wazee wetu wanasema chumvi inafanya dengu zikatae kuiva. Mimi naona ni kinyume chake. Chumvi inachukua nafasi ya ile chokaa kwenye ganda, na ganda linakuwa laini. Kinachokaza kweli ni ukali: ukwaju, ndimu, nyanya, embe bichi. Ukipika chana bateta, ukwaju usiutie mpaka dengu zimekwisha kuiva kabisa, kwani ukishautia zitabaki hapo hapo zilipofika.

Magadi soda nayo inalainisha, ila robo kijiko cha chai inatosha kwa nusu kilo. Ikizidi, dengu zinavuliwa maganda na mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni.

Sasa tumbo. Dengu zina aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, huko vijidudu vinazila na kutoa gesi. Ndiyo ule mngurumo wa usiku baada ya futari. Sukari hizo zinayeyuka majini, kwa hiyo ukiroweka sehemu yake inatoka, mradi yale maji uyamwage. Wanaopikia maji yaleyale waliyorowekea wanakirudisha sufuriani kile walichokwisha kukitoa. Lakini kuroweka hakumalizi gesi yote. Mwenye tumbo jepesi ale kidogo na aongeze pole pole, na dengu ziive hadi zipondeke kwa vidole viwili bila nguvu.

Mchana wa joto usiache bakuli kutwa mezani. Ukiona povu juu na harufu ya uchachu, zimeanza kuchachuka. Ramadhani mimi siroweki usiku. Naroweka baada ya daku, adhuhuri namwaga na kutia maji mapya, saa nane mchana nabandika. Kwa joto letu muda wa saa nane majini unatosha. Njia ya kujua: ikate dengu moja kwa kisu. Ikiwa rangi ni moja mpaka ndani, tayari. Ukiona doa jeupe kavu katikati, iache kidogo. Na zinazoelea juu zitoe, nyingi zimetobolewa na wadudu.

Kuna dengu ambazo hata uziroweke vipi hazilainiki. Hizo zimekaa dukani muda mrefu kwenye joto na unyevu. Mwulize muuzaji zimeingia lini, na ukishapata duka zuri Darajani au Wete shikamana nalo.

Dengu kavu huzibandika pale ninapotaka supu nzito ya kusaga, kwenye presha kuka, dakika arubaini na tano hivi. Hapo kupasuka si kasoro, na ladha yote inabaki kwenye mchuzi. Gesi nayo inabaki, kwa hiyo siwapi wageni.