Maswali na majibu: Boksaiti na ardhi iliyotulia

Udongo wa shambani kwetu Lushoto ni mwekundu kama damu. Nimesikia kuna boksaiti Magamba. Je, na kwangu ipo?

Wekundu ni wa chuma, na chuma kimejaa kila mahali. Boksaiti, yaani mawe yanayotoa alumini, ikiwa safi huweza kuwa nyeupe, ya maziwa au ya waridi, kwa hiyo rangi isikupe matumaini wala isikukatishe tamaa. Anza na mkono: lowesha udongo, usokote. Ukivutika kama wa kufinyangia vyungu, una kaolini nyingi. Boksaiti haivutiki. Humeguka, na mara nyingi ina vipunje vya mviringo vyenye ukubwa wa punje za njegere.

Kipimo cha uhakika zaidi ni tanuri. Chukua sampuli chini ya tabaka lenye mizizi na mboji, maana mboji nayo huungua ikakudanganya. Ikaushe kwa nyuzi 105, ipime uzito, kisha maabara waichome hadi nyuzi 1,000. Gibsaiti, madini makuu ya boksaiti za ukanda wa joto, hupoteza karibu gramu 35 katika kila 100, kwa sababu maji yamo ndani ya umbile lake. Kaolini hupoteza 14 tu. Sampuli ikipoteza 25 au zaidi, hapo inafaa kulipia uchambuzi kamili. Magamba na Shume boksaiti inajulikana kweli, lakini imekaa kwenye mabaki ya uwanda wa kale juu ya milima. Shamba lililo kwenye mteremko huenda lilishapoteza tabaka hilo zamani.

Kwa nini boksaiti hupatikana kwenye ardhi za kale zilizotulia? Si mvua inanyesha kila mahali?

Tuitazame Mulanje, Malawi. Mlima una kuta zilizosimama wima, ila juu kuna nyanda kama Lichenya, na boksaiti imelala huko juu. Mwamba wenyewe ni sayenaiti, ambayo ina feldispa nyingi, madini yanayobeba alumini, na kwatzi kidogo.

Mita moja ya ujazo ya mwamba wa namna hiyo ina uzito wa tani 2.7 hivi. Ndani yake kuna takriban tani 1.6 za silika, yaani silikoni na oksijeni, na kilo 460 za alumina, yaani alumini na oksijeni. Maji ya mvua yakipenya, potasiamu na sodiamu huondoka mapema, kisha silika hufuata polepole. Alumini haiondoki, kwa kuwa kwenye maji yasiyo na tindikali kali wala magadi haiyeyuki kwa kiasi cha maana. Silika ikipungua hadi kubaki kilo 540 hivi, iliyobaki imefungamana na alumina yote na kuwa kaolini, yaani mfinyanzi. Miamba mingi huishia hapo.

Ugumu uko kwenye hizo kilo 540. Feldispa inapooza, maji yanaweza kuondoka na miligramu 20 za silika kwa lita. Kaolini haigeuki gibsaiti mpaka maji yanayoizunguka yawe na silika chini ya miligramu 2 hivi kwa lita. Yakizidi hapo, kaolini hukaa ilivyo. Sasa piga hesabu: kina cha mita moja ya maji kikipenya ardhini kila mwaka na kubeba gramu 2 kwa kila mita ya mraba, kilo 540 zitachukua miaka 270,000. Hiyo ni kwa mita moja tu ya mwamba. Tabaka la boksaiti la mita 5 linadai alumina ya mita 9 hivi za sayenaiti, yaani zaidi ya miaka milioni 2, hata ikiwa hakuna kilichopotea njiani. Ni kadirio la mkono, na mahali halisi patatofautiana nalo, ila linaonyesha uzito wa kazi.

Katika muda huo mteremko mkali huwa umekwisha kunyolewa makumi ya mita, pengine mamia. Udongo husombwa ukiwa bado mfinyanzi. Ndiyo maana ardhi lazima iwe tambarare na itulie.

Utulivu peke yake hautoshi, na hili watu hulisahau. Bonde tambarare lililo chini hutuamisha maji, na maji yaliyotuama hushiba silika, kwa hiyo kaolini haibadiliki. Kinachotakiwa ni uwanda wa kale ulioinuliwa, ambao mito imeshaukata pembeni ili maji yapite chini na kutoka haraka. Nyanda za Boké na Sangaredi nchini Guinea ziko hivyo hivyo: vilele bapa vyenye ganda gumu, ambavyo Wafulani huviita bowal, na mabonde yamevizunguka pande zote.

Kaolini ya Pugu nayo ina alumini. Kwa nini haichimbwi kwa kutengenezea sufuria?

Kaolini safi ina alumina asilimia 39, kiasi ambacho baadhi ya migodi ya boksaiti ingekipokea kwa mikono miwili. Tatizo liko kiwandani. Tangu Karl Josef Bayer alipovumbua njia yake miaka ya 1880, alumina hutolewa kwa kupika madini ndani ya kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Gibsaiti huyeyuka vizuri kwenye nyuzi 150 hivi. Kaolini nayo huyeyuka, lakini silika yake hurudi na kuganda pamoja na soda na alumina, kisha vyote hutupwa na tope jekundu, taka ya kiwanda hicho. Kila chembe ya silika huondoka na chembe moja ya alumini, na kwenye kaolini idadi ya chembe hizo ni sawa kwa sawa. Ukimaliza kupika hubaki na hasara.

Kwa hiyo mnunuzi wa boksaiti huuliza kwanza silika ya mfinyanzi, ambayo ikipita asilimia 5 hivi bei huanza kuporomoka. Kwatzi, ingawa nayo ni silika, ni habari nyingine, kwani kwenye joto hilo la chini haisumbuki na soda. Ndiyo sababu boksaiti za safu ya Darling, Australia Magharibi, zina mchanga mwingi na bado zinalipa.

Musongati kule Burundi mwamba ulioza ukatoa nikeli. Kwa nini haukutoa boksaiti?

Mwamba mama wa Musongati una magnesiamu na chuma kwa wingi, na alumini yake ni haba. Uoze utakavyooza, hutapata kisichokuwamo. Tofauti nyingine iko kwenye mwendo. Alumini hubaki palepale, ikakolea kwa sababu vingine vimeondoka. Nikeli husafiri: huoshwa kutoka juu, ikashuka na kunaswa kwenye mwamba uliooza nusu. Mchimbaji wa boksaiti hutazama karibu na juu, wa nikeli huenda chini zaidi.

Kilimanjaro kuna mvua na majivu ya volkano. Boksaiti iko wapi?

Mlima bado mchanga, na miteremko yake ni mikali.

Jamaika je? Kisiwa kile si ardhi ya kale, na boksaiti ilitajirisha makampuni.

Boksaiti ya Jamaika imejaa kwenye mashimo ya mawe ya chokaa. Wengi wa wataalamu huona asili yake ni majivu ya volkano yaliyoangukia juu ya chokaa hiyo. Majivu ni laini, huoza upesi kuliko mwamba mgumu, na chokaa iliyotoboka hunyonya maji yote kwenda chini, kwa hiyo silika haipati nafasi ya kukusanyika. Mashimo nayo huzuia udongo usisombwe.